"Inatibu Sukari, na Utaingiza Laki Sita kwa Wiki": Maneno ya Kuepuka Katika Tangazo la Muuzaji Muislamu

Sifa zote njema anastahiki Allaah Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ama baad. Ndugu yetu mmoja mwanamke mwenye asili ya Wete, ambaye kwa sasa anaishi na mumewe Pangani, ametuandikia juu ya biashara yake ya simu. Tunawatanabahisha wasomaji wetu wa visiwani kwamba Pangani hii si ile ya Tanga iliyotukabili ng'ambo ya bahari, bali ni kata ya Pangani katika mji wa Kibaha, Mkoa wa Pwani. Dada huyu anauza kapsuli za habbat-sauda na mlonge. Wateja wake wengi ni watu wa kwao Pemba, nao anawapata kwa kuweka matangazo katika makundi ya WhatsApp ya familia na ya harusi. Kwa ufupi, swali lake ni hili: mama mmoja mtu mzima wa Wete alisoma tangazo lake, akanunua chupa tatu na akaacha vidonge vyake vya sukari. Baada ya wiki tano alilazwa sukari ikiwa juu sana. AlhamduliLlaah, amepona. Dada anauliza: mimi nina makosa gani, na ile pesa ni halali yangu?

Tumeona tujibu kwa kulipitia tangazo lenyewe neno kwa neno, kwa sababu tangazo la namna hii lipo karibu katika kila simu. Kwa ruhusa yake, lilikuwa hivi:

"Kapsuli za Habbat-sauda na Mlonge. Dawa ya kila ugonjwa kama alivyosema Mtume. Zinatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo na matatizo ya uzazi. Mama yangu mdogo ameachana na dawa za sukari ndani ya siku 21. Hazina kemikali, zimethibitishwa. Jiunge na timu yangu kwa 180,000 tu, mimi naingiza 600,000 kwa wiki. Zimebaki nafasi 5!"

Huyo mama mdogo ni nani?

Tuanze na mama mdogo, kwa kuwa ndiye aliyemtoa hospitali yule mama wa Wete. Tulipomuuliza dada, alikiri kuwa hana mama mdogo mwenye sukari. Tangazo alipewa na kiongozi wa timu yake, naye akalibandika kama lilivyo. Maneno hayo hayo, na mama mdogo huyo huyo, yanatumiwa na wenziwe wa Kisarawe na Mlandizi, kila mmoja akidai ni mama yake mdogo. Huu ni uongo wa wazi, na kusema "nilitumiwa tu" hakumtoi mtu. Anayepeleka habari kwa jina lake ndiye aliyeisema.

Hata hivyo tuchukulie kwamba mama huyo yupo kweli. Je, habari yake ingefaa kutangazwa? Hapa inabidi kujua sukari inapimwaje. Kile kipimo cha kudonoa kidole kinaonesha sukari ya saa ile tu. Asubuhi kabla ya kula kitasema jambo moja, na baada ya wali wa nazi na juisi kitasema jingine. Kipimo kinachoonesha hali ya muda mrefu ni kile cha hospitali kiitwacho HbA1c, nacho kinasoma wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kwa hiyo mtu anayesema amepona ndani ya siku 21 hana kipimo cha kumuunga mkono. Tena mara nyingi aliyenunua kapsuli huwa siku hizo hizo amepunguza vitu vitamu na ameanza kutembea, na pengine anaendelea kumeza vidonge vya hospitali. Sukari ikishuka, sifa zote zinapewa chupa ya mwisho kununuliwa.

Sukari ya ukubwani pia haina kengele. Anayeacha dawa anaweza kujihisi mzima wiki mbili au tatu, na kile kipindi cha kujihisi mzima ndicho kinachozaa ushuhuda. Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku, macho kuwa na ukungu na mwili kukonda huja baadaye, wakati ushuhuda umeshasambazwa katika makundi kumi.

Hadithi ya habbat-sauda haikushushwa kuwa tangazo

Hadithi kwamba ndani ya habbat-sauda mna shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti ni sahihi, imepokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, na sisi tunaiamini. Lakini wanazuoni walioisherehesha hawakuielewa kuwa kila mgonjwa ameze punje hizo aache mengine. Al-Khattwaabiy amesema kuwa ni tamko la jumla lililokusudiwa mahsusi, kwa maradhi yanayoafikiana na tabia ya mmea huo. Wengine wameeleza kwamba hutumika peke yake au kwa kuchanganywa, kwa kiasi na kwa njia anayoijua mwenye ujuzi wa tiba. Mtume mwenyewe (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) alitibiwa kwa vitu mbalimbali na akaamrisha watu wajitibu.

Muuzaji anapoibandika hadithi hii juu ya chupa ya 35,000 iliyochanganywa na mlonge kiwandani, anafanya mambo mawili mabaya. Kwanza anaiambatanisha ahadi ya Mtume na bidhaa ambayo Mtume hakuisema. Pili, mgonjwa asipopona anaachiwa kuitilia shaka hadithi, au kuitilia shaka imani yake. Tumewahi kusikia mgonjwa akiambiwa na muuzaji kwamba hakupona kwa kuwa "yakini yako ndogo". Subhaana Allaah! Huyo ni muuzaji anayekimbia kurejesha pesa.

Kwa upande wa utafiti, zipo tafiti ndogo zilizoonesha kuwa habbat-sauda ikitumiwa pamoja na dawa za hospitali huenda ikateremsha sukari kidogo. Jambo hili wauzaji wanalipenda, lakini wanasahau upande wake wa pili: kinachoteremsha sukari, kikiongezwa juu ya insulini au vidonge vikali, kinaweza kuiteremsha kupita kiasi, na mtu mzima akaanguka usiku. Ndiyo maana anayetumia dawa hizo anapaswa kumwambia daktari au mfamasia wake kabla ya kuanza.

Neno moja linabadilisha bidhaa

Sasa tuje kwenye sheria. Kapsuli hizi zinauzwa kama kirutubisho, yaani katika jamii ya vyakula. Kanuni za kimataifa za vyakula zinazosimamiwa na FAO na WHO zimekataza tangu 1979 chakula kudaiwa kuwa kinazuia, kinatuliza au kinatibu ugonjwa. Mtu anapoandika "zinatibu sukari", kwa neno hilo moja ameihamisha bidhaa yake kutoka katika chakula na kuiita dawa, na dawa ina mlango wake mwingine wa usajili na wa matangazo.

Bara, tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ulihamia Shirika la Viwango (TBS), na iliyokuwa TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Visiwani, chakula na dawa vyote viko kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Dawa za asili nazo zina mabaraza yao ya tiba asili na tiba mbadala, la Bara na la Zanzibar. Tangazo la dada limeandikwa Kibaha na kusomwa Wete, kwa hiyo limeingia katika maeneo mawili ya sheria kwa mbonyezo mmoja, na kibali cha upande mmoja hakimaanishi kibali cha upande wa pili.

Neno "zimethibitishwa" limeachwa likielea. Zimethibitishwa na nani, kwa lipi? Karatasi aliyokuwa nayo dada ilikuwa ya usajili wa jina la biashara la kampuni. Karatasi hiyo inasema tu kwamba kampuni ipo. Hata bidhaa ikiwa na nembo ya ubora kwa chakula, maana yake ni kwamba inafaa kuliwa, wala haina maana kwamba imepimwa kwa wagonjwa wa sukari ikaponya. Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa Bara na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha juu ya bidhaa, na Zanzibar nayo ina sheria na tume yake ya kumlinda mtumiaji. Na "hazina kemikali" haina maana yoyote. Maji ni kemikali na chumvi ni kemikali. Neno hilo limewekwa kumtisha mtu na vidonge vya hospitali.

Wapo wanaodhani kuwa ukiandika mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, "hii si dawa", umeokoka. Msomaji anachukua picha ya tangazo zima. Ukisema juu inatibu na chini si dawa, umesema maneno mawili yanayogombana, na mgonjwa atashika lile analolitamani.

Laki sita kwa wiki, kwa hesabu

Tulimuomba dada atuletee hesabu ya miezi mitatu. Alikuwa mkweli, Allaah amlipe kheri. Wiki ya laki sita ilikuwepo kweli, lakini ilikuwa moja, pale alipoingiza wanachama watatu kwa mpigo. Kwa miezi mitatu aliingiza jumla ya 1,420,000. Katika hizo, 1,150,000 alizirudisha kwa kampuni kununua chupa ili daraja lake lisishuke, na 190,000 zilikwenda kwenye bando, bodaboda na kutuma vifurushi kwa boti. Zilizobaki ni 80,000, yaani chini ya 27,000 kwa mwezi, pamoja na chupa kadhaa zilizolala uvunguni ambazo muda wake unakaribia kwisha. Mwenye kusoma "naingiza 600,000 kwa wiki" anaona 2,400,000 kwa mwezi. Kila herufi ya sentensi ile inaweza kutetewa, na bado ni ghushi.

Hali hii si ya Kibaha pekee. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) ilipitia taarifa za mapato za kampuni 70 za namna hii, zilizotolewa na kampuni zenyewe, na ikaona kwamba washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, kabla hata ya kutoa gharama zao.

Kwa nini iwe hivyo? Tufanye kila mtu ameambiwa alete watu 6. Ngazi ya kwanza ni watu 6, ya pili 36, ya tatu 216, ya nne 1,296, ya tano 7,776, ya sita 46,656, ya saba 279,936, ya nane 1,679,616. Ukizijumlisha unapata zaidi ya watu milioni mbili, ilhali sensa ya 2022 iliihesabu Zanzibar nzima, vichanga pamoja na wazee, kuwa watu 1,889,773. Ngazi nane tu na visiwa vimekwisha. Aliye ngazi ya mwisho, ambayo daima ndiyo kubwa kuliko zote zilizotangulia zikijumlishwa, hana wa kumuingiza. Kwa hiyo anayetangaza "nawe utapata kama mimi" anaahidi jambo ambalo kwa wengi wa wasomaji wake haliwezekani, hata wakifanya kazi usiku na mchana.

Kipimo chepesi cha kuitambua biashara hii ni kuuliza: wakizuiwa wanachama wapya kuanzia kesho, yupo atakayelipwa kwa kuwauzia chupa watu wa nje wasio na hamu ya kujiunga? Kama hayupo, chupa ni pazia tu. Kanuni ya Adhabu ya Bara, kifungu cha 171A, inaufanya upatu wa namna hii kuwa jinai. Tusichanganye na ule mchezo wa kina mama wa kupokezana, ambamo kila mmoja anatoa elfu kumi na kila mmoja anapokea zamu yake bila kuongezeka wala kupungua. Huo hauna tatizo.

Mwaka 2009 DECI ilivuta umati wa watu Bara kwa lugha ya kanisani ya kupanda mbegu na kuvuna, hadi serikali ikaisimamisha na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Mwaka 2020 mwendeshaji wa mradi wa Mr. Kuku alishitakiwa Kisutu kwa upatu, na shitaka lilitaja ahadi ya faida ya asilimia 70 kwa miezi minne na 90 kwa miezi sita. Na visiwani hakuna haja ya kueleza sana, jina la Masterlife linatosha. Tunaikumbuka DECI hasa kwa ajili ya lugha yake. Kwetu mbegu zimegeuzwa kuwa "baraka", "mudharaba" na "uwekezaji wa halali". Mudharaba wa kweli hauna faida iliyotajwa kwa kiasi maalumu wala dhamana ya mtaji. Ukiahidiwa vyote viwili, jua limeazimwa jina tu.

Hukumu

Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, akakuta ndani kuna maji. Muuzaji alijitetea kuwa ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua; alimlaumu kwa kuficha kilicholowa chini ya kilichokauka, na akajitenga na mwenye kughushi. Hadithi hii imepokewa na Muslim. Wiki moja ya laki sita ndiyo nafaka kavu ya juu, na miezi mitatu ya 80,000 ndiyo iliyolowa.

"Zimebaki nafasi 5" nayo ni uongo, maana nafasi hazina idadi. Inakaribiana na najshi iliyokatazwa, ambapo mtu hupandisha bei bila kukusudia kununua ili kumhimiza mwenziwe. Katika yote mawili mnunuzi anasukumwa na haraka ya bandia.

Kuhusu fedha za kuingiza watu, Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia ilitoa fatwa namba 22935 ya tarehe 14/3/1425 H kwamba biashara ya mtandao wa namna hiyo ni haramu, kwa kuwa kinachokusudiwa ni kamisheni na si bidhaa, na ndani yake mna riba, gharari, hadaa na kula mali kwa batili. Hiyo ni tofauti na udalali: kumuuzia mtu chupa ya mwenzio kwa ujira unaojulikana kunajuzu, madamu bidhaa ni halali na maelezo yake ni ya kweli.

Kwa hiyo tunamjibu dada yetu hivi. Faida aliyoipata kwa kuingiza watu asiifanye yake. Awarejeshee waliojiunga kupitia kwake kadiri awezavyo, na wale aliowaambia uongo waambiwe ukweli. Waliouziwa chupa kwa kuambiwa zinatibu, wana haki ya kurudisha na kupewa pesa yao, kwani wamenunua kwa sifa isiyokuwepo. Na mama wa Wete anastahiki zaidi ya pesa ya chupa tatu: aombwe radhi, na gharama za matibabu zizungumzwe. Ipo hadithi kwa Abuu Daawuwd, An-Nasaaiy na Ibn Maajah kwamba anayejifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana. Je, tangazo pekee linamfikisha muuzaji katika dhamana hiyo, au mpaka amwambie mgonjwa kwa kinywa chake "acha vidonge"? Hili linategemea yaliyosemwa baina yao, na hatulikati kwa barua ya upande mmoja. Walifikishe kwa Kadhi wakiwa wote wawili.

Tangazo baada ya kurekebishwa

Dada ameamua kujitoa katika timu na kubaki na kuuza chupa tu. Tumeliandika upya pamoja naye:

"Kapsuli za habbat-sauda na mlonge, chupa ya kapsuli 60, bei 35,000. Ni kirutubisho cha chakula, si dawa ya ugonjwa wowote. Mjamzito, anayenyonyesha, na anayetumia dawa za sukari, presha au za kuzuia damu kuganda, muulize daktari au mfamasia kwanza. Usiache dawa ya hospitali. Tarehe ya mwisho wa matumizi ipo kwenye picha. Chupa isiyofunguliwa nairudisha na pesa yako ndani ya siku 7."

Aliposoma alisema, "Hili haliuzi." Tulimwambia kwamba huenda ni kweli, na pengine hilo ndilo jibu la thamani halisi ya chupa ile. Katika wiki tatu za mwanzo ameuza chupa nne. Mmoja wa wanunuzi, baba wa Mkoani anayemeza vidonge vya kuzuia damu kuganda, alisoma ule mstari wa tahadhari, akapeleka chupa kwa mfamasia, akashauriwa asitumie, akarudishiwa 35,000 zake.

Kabla ya kubandika tangazo jipya, alituma pia ujumbe katika makundi yote aliyoweka la zamani: kwamba mama mdogo hakuwepo, kwamba kapsuli hazitibu sukari, na kwamba aliyeacha dawa kwa sababu yake arudi kliniki. Ujumbe huo tulimtaka auanze kwa jina lake, katika mstari wa kwanza, kama lilivyokuwa katika tangazo, kwa sababu masahihisho yasiyo na jina hayaaminiwi na aliyekwisha kuamini.

Wa Allaahu a'lam.